Mlango wa Kulia wa Gari la Mikate

Kuna hasira inayopoa ukilala, na kuna nyingine inayoamka kabla yako na kukungoja kitandani. Yangu ya gari la mikate ni ya aina hii ya pili. Wenzangu tunaokutana kusomeana miswada wananiambia hadithi kubwa za zama zetu ni za vijiji vipya, za viwanda, za watu kuhama na kuhamishwa. Huenda. Mimi nikishika kalamu naona milango miwili ya chuma iliyopakwa kijani.

Tulikuwa ushirika wa wanawake waoka mikate, Temeke, nyuma ya barabara ya vumbi iliyoshuka kutoka sokoni. Mama yangu alikuwa mwenyekiti. Mimi, binti yake niliyesoma kidogo, nilikuwa karani: niliandika oda, nilipokea wageni, nilijibu simu. Simu yenyewe tuliingojea hata tukaisahau, na ilipofika, nyeusi na nzito, wanawake waliifunika kitambaa cha kufuma, wakawa wanapita mbele yake kwa kunyata kama mbele ya mtoto aliyelala. Ikalala kweli. Siku zilipita haijalia.

Mikate ya boflo ya majirani haikuhitaji simu. Majirani walikuja alfajiri na vikapu vyao, wakachagua, wakatania, wakaondoka. Lakini ushirika haukuweza kuishi kwa majirani peke yao. Tulihitaji kantini za viwandani, shule za bweni, hospitali, na hao hawaji na vikapu. Hao wanapiga simu. Na ili wapige, lazima wajue namba. Nani angewaambia? Kitabu cha namba za simu kilichokuwepo kilichapishwa kabla hatujazaliwa kama ushirika. Gari ndilo lingewaambia. Gari lingepita Chang'ombe, lipite barabara ya Pugu, lisimame kwenye kivuko cha reli pamoja na magari ya mameneja na wasimamizi wa stoo, na mtu aliyekwama nyuma yetu akingoja treni ipite angekuwa na namba yetu usoni mwake, bila la kufanya ila kuisoma.

Gari lilitoka kwa Bwana Ushirika. Ndivyo tulivyomwita sote, kwa cheo chake, ofisa kijana mwenye suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alilileta kwa shangwe, likiwa gari la boksi lililokwishatumika, injini nzima, mwili umekwaruzika. Tulipiga vigelegele. Kisha akasema sharti lake, akimtazama mama yangu.

"Mama Mwenyekiti, hili mmepewa kwa majaribio. Mwisho wa kipupwe nitakuja kutazama oda. Gari lisilo na oda za taasisi siwezi kuliacha hapa. Vipo vyama vingine vinalililia."

"Tumesikia, mwanangu," mama akasema.

Bila gari, mikate ingerudi kubebwa kichwani. Wapo wanawake kati yetu waliobeba vichwani miaka yote, na shingo zao zilikuwa zimekwishatoa ushahidi. Kwa hiyo kila kitu, nasema kila kitu, kilining'inia kwenye jambo moja dogo: mtu aliye nyuma aisome ile namba.

Fundi wa maandishi tulimpata Chang'ombe. Alikuwa mtu wa Kusini, kwao wanachonga vinyago, naye alikuwa amehamisha mkono wake kutoka kwenye patasi kwenda kwenye brashi. Alisugua gari kwa msasa siku mbili. Nilikwenda kumwambia tunachotaka: namba kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, hakuna urembo. Nikamkuta ameshika karatasi ya Bwana Ushirika.

Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya gari kwa penseli. Mwili wote kijani. Milango ya nyuma, iliyokuwa miwili inayofunguka katikati kama kabati, ilijazwa kaulimbiu juu kabisa kwa herufi za dhahabu: JASHO LETU upande wa kushoto, MKATE WETU upande wa kulia. Chini ya kaulimbiu kulikuwa na suke la ngano. Chini ya suke, mkono na nyundo. Na chini kabisa, juu ya bampa, namba ya simu, nyeusi juu ya kijani, imetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, tarakimu tatu mlango huu na mbili mlango ule, kila moja na kivuli chake.

"Hii namba nani ataiona?" nikamwuliza. "Nyeusi juu ya kijani! Tena hapo chini kwenye moshi wa ekzosi!"

"Dada, mie nimeletewa mchoro na mhuri."

"Mhuri unaendesha gari?"

"Mhuri unalisha watoto wangu," akajibu, akachovya brashi.

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Ushirika kwa miguu, jua la saa sita utosini. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nilimweleza. Gari likiwa linakwenda, mtu wa nyuma ana muda wa kufumba na kufumbua tu. Akisimama kwenye foleni, ana muda zaidi, lakini bampa ya gari lake na pua ya gari lake vinamfichia sehemu ya chini. Namba inatakiwa ikae juu, usawa wa uso wa dereva, iwe nene, na rangi zipigane, giza juu ya mwanga. Vivuli vinafanya tatu ifanane na nane. Niliyasema yote hayo kwa pumzi moja.

Alitabasamu. "Binti, wewe ni mshairi, sivyo? Nimesoma beti zako gazetini."

"Ndiyo."

"Basi unajua thamani ya maneno. Namba ni biashara. Kaulimbiu ni siasa. Siasa inatangulia biashara."

Nilikuwa ninaamini, na bado ninaamini, mengi ya yale tuliyokuwa tukiyaimba shuleni juu ya kujitegemea. Kilichoniunguza ni kwamba huyu mtu alikuwa amekaa juu ya maneno niliyoyapenda kama mtu anavyokalia mkeka wa mwenzake, akaniambia nisimame. Jasho letu! Jasho la nani? Yeye hakuwahi kufungua mlango wa tanuri.

Gari likatoka. Lilipendeza, sikatai. Watoto walilikimbilia. Na simu ikaendelea kulala chini ya kitambaa chake.

Wiki zikapita. Dereva wetu, kijana mpole aliyemwita mama yangu "bi mkubwa", alizunguka kila siku mpaka Mbagala upande mmoja na Mikocheni upande wa pili, akiuza rejareja madukani. Kipupwe kilikuwa kinakaribia kwisha. Wanawake waliacha kuitazama simu. Walianza kunitazama mimi.

Ndipo siku moja likaingia uani gari dogo lenye vumbi jeupe, vumbi la saruji, na akashuka bwana wa makamo aliyekasirika kuliko mimi. Alikuwa msimamizi wa kantini ya kiwanda kule Wazo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nyie ndio wenye gari la kijani?"

"Ndio sisi, mzee."

"Mnaficha nini?"

"Tunaficha?"

"Namba! Wiki iliyopita nilikuwa nyuma yenu kwenye reli. Treni ya mizigo, mabehewa hayana mwisho. Nanusa mkate, tumbo linalia, nasema leo nimepata watu. Nasoma mlango: mkate wetu. Haya. Namba ya simu: tarakimu mbili. Mbili tu! Nikasema hawa wana simu ya kuzungumzia ndani ya nyumba? Leo nimewakuta tena, nimewafuata tangu Kilwa Road kama askari wa upelelezi. Dereva wenu akadhani namwibia, akakanyaga mafuta!"

Sikuelewa. Tarakimu zilikuwa tano, nilizihesabu mwenyewe siku rangi ilipokauka. Nikatoka naye hadi kwenye gari, ambalo lilikuwa limeingia muda huo huo, na dereva bado anahema.

Mlango wa kushoto haukuwepo nyuma. Ulikuwa umefunguliwa wote, ukakunjwa mpaka ukalala ubavuni mwa gari, ukashikwa kwa ndoano. Mlango wa kulia ndio uliobaki umefungwa kwa makomeo yake ya juu na chini. Kwenye nafasi iliyo wazi palining'inia turubai jembamba la kuzuia vumbi.

"Kwa nini mlango uko hivi?" nikamwuliza dereva.

Alinishangaa. "Dada, mkate unatoka tanurini moto. Ukiufungia ndani ya bati unatoa jasho, maji yanadondoka darini, ganda linakuwa kama ulimi wa ng'ombe. Kesho una ukungu. Mie nautembezaga hivi tangu siku ya kwanza. Huo wa kushoto ndio wa upande wa watu, nikisimama dukani natoa trei bila kupigwa na magari."

Kila mtu pale uani alikuwa anajua kwamba mkate moto lazima upumue. Mimi nilijua. Mama alijua. Fundi alilichora gari likiwa limesimama, milango imefungwa, tupu. Bwana Ushirika alilichora kwenye karatasi. Hakuna aliyelifikiria likiwa limebeba mkate. Wiki zote hizo gari letu lilipita mjini likiwa na nusu ya namba, na jasho letu tulikuwa tumelikunja ubavuni.

Msimamizi wa kantini alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Nilitamani kulipiga teke lile bati.

"Nina watu wa zamu tatu," akasema alipotulia. "Nataka mikate kila asubuhi. Lakini mimi ni mmoja mwenye subira. Mwenzangu wa kiwanda cha nguo aliwaona, akajaribu, akaacha. Wangapi wamejaribu wakaacha?"

Swali hilo ndilo lililonitoa machozi, machozi ya hasira, mbele ya mgeni.

Jioni mama aliwaita wanawake wote uani. Nilisimama nikaeleza kwa maneno mengi, habari za umbali na unene wa mstari na rangi. Walinisikiliza kwa heshima inayochosha. Kisha mwanamke mmoja mnene, mkandaji wetu, aliyekuwa amekaa juu ya gunia tupu, akanyanyuka, akageuka, akatupa mgongo.

"Someni."

Tukaisoma kanga yake. Maneno yalikuwa yamekaa sawasawa katikati ya makalio, herufi kubwa, mstari mmoja. Yalimhusu jirani fulani, na wote tulimjua jirani huyo, kwa hiyo uani kukawa na vicheko.

"Sasa," akasema bado ametupa mgongo, "mie nikiifunga hii kanga jina lake, yaani haya maneno, likaangukia kwenye mkunjo, nusu huku nusu kule, huyo jirani atasoma nini?"

"Hatasoma kitu!"

"Nitakuwa nimemtukana?"

"Utakuwa umetembea bure, mama weee!"

"Basi hilo gari lenu limefungwa kanga na mwanamume."

Vicheko vilivyofuata vilimtoa hata dereva jikoni. Mama yangu alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alisema taratibu, "Jina halivuki mkunjo. Namba ikae kwenye mlango mmoja. Upi?"

"Wa kulia," akasema dereva. "Haufunguliwi njiani. Na halafu, bi mkubwa, mwenye gari la nyuma anakaa kulia, kwenye usukani. Mlango wa kulia ndio unamtazama usoni."

Hapo ndipo tulipoanza kuelewana na chuma. Asubuhi mama alikwenda mwenyewe kumleta fundi. Alikuja akiwa na wasiwasi, akaangalia mlango, akanitazama.

"Kaulimbiu itakwenda wapi?"

"Tutaona," mama akasema. "Futa."

"Mama, mhuri..."

"Mimi ndiye mwenyekiti. Akiuliza, mwambie ni bibi mmoja wa Temeke aliyekulazimisha. Piga msasa."

Akapiga msasa. Akapaka mlango wa kulia rangi nyeupe, nusu yote ya juu, tukasubiri ikauke. Tarakimu tano kwenye mstari mmoja zingebanana, kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba. Tukizifanya nyembamba zingeonekana kama vijiti vya uzio. Tukazipanga safu mbili, mbili juu na tatu chini, kama zinavyotamkwa kwa pumzi mbili. Fundi alipiga mistari kwa uzi wa chaki. Alichora kwanza kwa penseli, nami nikarudi nyuma uani mpaka ukutani, kisha nikatoka nje mpaka kwenye kona ya duka, nikitazama kwa jicho moja. Tumbo la namba sita lilikuwa limejaa mno. Kwa mbali ingekuwa nane. Akalifungua. Akataka kuweka kivuli kidogo, kidogo tu, maana mkono wake ulikuwa na kiu. Nilikataa. Akaguna, lakini alipomaliza, nyeusi nzito juu ya nyeupe, naye akatembea mpaka kona ya duka, akasimama.

"Inapiga kelele," akasema.

Juu ya namba tuliweka neno moja, MIKATE. Basi.

Simu ililia kesho yake kabla ya saa nne. Nilikuwa nimeshika ndoo, nikaiangusha. Ilikuwa shule ya bweni. Aliyepiga alikuwa amekwama nyuma yetu kwenye mzunguko wa barabara. Kisha hospitali moja. Kisha yule wa kiwanda cha nguo, ambaye alianza kwa kunigombeza. Kitambaa cha kufuma tulikiondoa kwa sababu kilikuwa kinanichelewesha. Wanawake waliongeza zamu ya tanuri, na mkandaji wetu akawa anaingia kazini na kanga mpya karibu kila siku, maneno yamekaa pale pale.

Bwana Ushirika alikuja mwisho wa kipupwe, kama alivyoahidi. Nilikuwa nimempangia oda zote mezani. Hakuzitazama. Alisimama nyuma ya gari, mikono mgongoni.

"Nani amefuta?"

"Sisi," mama akasema. "Karibu ndani, mwanangu, uone oda."

"Kaulimbiu iliyopitishwa, nyie mmeifuta mkaweka namba ya simu? Kama duka la mtu binafsi? Mnajua hilo linaitwaje?"

Nikasema, "Linaitwa mkate kufika."

"Binti, wewe nyamaza." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alinyosha mkono kwa dereva, akasema, "Ufunguo," na dereva akamtazama mama yangu, na mama akainamisha kichwa. Gari letu likatoka uani na mtu mwingine kwenye usukani, milango yote miwili imefungwa, na trei za mikate ya moto zimepangwa chini kwenye mikeka.

Usiku huo sikumsemesha mama. Nilimwona mwoga. Nilitembea chumbani nikitunga barua, hotuba, mashairi. Alfajiri wanawake walioka kama kawaida, kwa amri yake, na walipomaliza wakakaa kuitazama mikate inavyopoa.

Simu ikalia. Msimamizi wa kantini kutoka Wazo.

"Mkate wangu uko wapi? Zamu inatoka sasa hivi!"

Nikafunika simu kwa kiganja. "Mama, nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Upi?"

Alikuwa akijifuta unga mikononi. "Kwamba gari limechukuliwa, na aliyelichukua ana simu. Mpe namba."

Nilimpa. Namba ya ofisi ya Bwana Ushirika niliijua kwa kichwa. Nilikuwa nimeipiga mara nyingi bila kujibiwa. Shule ikapiga, nikaipa. Hospitali ikapiga, matroni mwenyewe, sauti kama wembe, nikampa polepole, nikamwomba airudie nihakikishe ameandika sawa. Kiwanda cha nguo kikapiga. Watu wapya wakapiga pia, waliokuwa wameliona gari juzi wakaweka namba mfukoni. Nao nikawapa.

Alikuja kabla ya adhuhuri. Pasi ilikuwa imetoka kwenye suti yake.

"Nani kawapa watu namba ya ofisi yangu? Tangu asubuhi sijaandika hata mstari! Mkurugenzi ananipigia anakuta simu inazungumza! Matroni wa hospitali ananiuliza mimi habari za boflo!"

"Namba yako iko kwenye kibao mlangoni kwako, mwanangu," mama akasema. "Imeandikwa vizuri. Inasomeka."

Nyuma yangu mtu alipaliwa na kicheko, akakigeuza kikohozi.

Bwana Ushirika aliutupa ufunguo juu ya meza. Akasema kaulimbiu lazima irudi, iandikwe ubavuni, pande zote mbili, kwa dhahabu. Akasema amelirudisha gari kwa kuzingatia mahitaji ya taasisi. Hakusema alikosea. Hakusema mikate iliyolala siku nzima itarudije kuwa moto. Na mama yangu, aliyekuwa ameshinda, mbele ya wanawake wote alikunja goti kidogo akasema, "Ahsante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Ahsante! Kwa kitu chetu! Neno hilo lilinichoma kuliko yote aliyotufanyia yule mtu, na sijawahi kulisamehe, ingawa mwenye kulisema alinizaa na alijua alichokuwa anakinunua kwalo. Nilisubiri atoke nimwambie mama yote. Nilikuwa nimekwishafungua kinywa. Simu ikalia. Niliinyakua nikabweka ndani yake, "Nani!"

Ikaja sauti ya mwanamume, ya woga. "Samahani, dada. Nimekosea namba?"

Nje dereva alikuwa anapakia trei, na mlango wa kushoto ulikuwa unalia ukikunjwa kwenda ubavuni. Mama alisimama mbele yangu, unga mpaka kwenye viwiko, akingoja nijibu.

"Hapana, ndugu," nikasema, bado nahema. "Hujakosea. Sema unataka mikate mingapi."